Video ya dakika moja ya kumtia moyo mwenye biashara ndogo: mfano mmoja, bila maneno matupu

Chukua sentensi za video kumi za kuwatia moyo wafanyabiashara, zichanganye kama karata, kisha zisome upya. Hutaona tofauti. Jiamini, amka mapema, usikate tamaa, pigania ndoto yako: kila sentensi inakaa popote kwa sababu haina mahali pake. Mwenye biashara anatazama video kama hiyo usiku baada ya kufunga, moyo unachangamka kwa dakika chache, na asubuhi anafungua kazi ileile akiwa na tatizo lilelile.

Mwongozo huu ni wa kutengeneza video ya aina nyingine. Ni ya sekunde 60 hadi 70, imesimama wima kama simu inavyoshikwa, na ndani yake mna mtu mmoja, tatizo moja, badiliko moja na namba chache zilizohakikiwa. Mtazamaji akimaliza awe anajua jambo moja la kufanya na saa ya kulifanya. Tutafuata mfano mmoja mwanzo hadi mwisho, wa fundi cherehani anayechelewesha nguo za wateja. Fundi huyo ametungwa kwa ajili ya mwongozo huu. Wa kwako lazima awe wa kweli, na tutaona kwa nini.

Hatua ya kwanza: tafuta tatizo lililopungua, usitafute mtu aliyefanikiwa

Wengi huanza kwa kumsaka mtu ambaye biashara yake imekua sana. Hapo ndipo maneno matupu yanapoingilia. Biashara iliyokua sana imesukumwa na mambo mengi kwa pamoja: mtaji, mahali, wakati, ndugu waliosaidia, bahati. Mwenyewe hajui lipi lilikuwa na uzito zaidi, kwa hiyo ukimuuliza atakujibu kwa jumla, "nilijituma na kumtanguliza mteja". Hadanganyi. Swali lenyewe halina jibu dogo linaloenea kwenye dakika moja.

Tafuta badala yake kero moja iliyopungua. Kero inayofaa hutokea mara kwa mara, angalau kila wiki, ili watazamaji wengi wawe wameionja. Inahesabika kwa vidole au kwa daftari. Na ilipungua kwa jambo ambalo mtu mmoja aliweza kulifanya bila kukopa na bila kuajiri. "Alifungua tawi la tatu" haifai, kwa kuwa anayetazama hawezi kulifanya kesho. "Aliacha kuchelewesha nguo" inafaa.

Hali ya fundi wetu ni hii. Anashona peke yake. Ndani ya wiki tatu alipokea oda 20, na oda 11 zilipita siku aliyoahidi. Alikuwa ameshaamua kwamba dawa ni kununua cherehani ya pili. Kabla hajanunua alirudi kwenye daftari lake la oda, na mbele ya kila oda iliyochelewa akaandika neno moja tu, sababu. Zipu ilijitokeza mara nne, vifungo mara mbili, bitana mara moja. Mashine kuharibika mara mbili, na mteja kubadili mshono mara mbili. Kwa hiyo oda saba kati ya 11 zilichelewa kwa sababu nguo ilikuwa imekatwa, wakati mwingine imeshonwa nusu, ndipo ikaonekana kwamba kitu kidogo hakipo.

Badiliko lake halikugharimu kitu cha maana. Anapopokea oda, mteja akiwa bado amesimama mbele yake, anaorodhesha vitu vidogo vyote vya nguo hiyo. Ananunua vitu hivyo mara mbili kwa wiki, siku mbili maalumu. Na hakati kitambaa mpaka vitu hivyo viwe ndani ya mfuko mmoja na kitambaa chenyewe. Wiki tatu zilizofuata alipokea oda 19, zikachelewa nne.

Mfano huu unafaa kwa sababu una kosa la kufikiri ndani yake. Fundi alikuwa na dawa iliyoonekana ya busara, nayo ilikuwa inaelekea pasipo ugonjwa. Cherehani ya pili isingeleta zipu. Mfano usio na dawa ya kwanza iliyokosea huwa tangazo tu: mtu alikuwa na shida, akafanya jambo jema, shida ikaisha.

Hatua ya pili: uliza mpaka maneno ya jumla yaishe

Mazungumzo na mwenye biashara yachukue dakika 40 hivi, na yafanyike mahali anapofanyia kazi. Mbali na meza yake atakupa muhtasari. Akiwa mezani pake mkono utanyooka wenyewe kuelekea kitu anachokisema, na hapo ndipo unapopata picha za video.

Usiulize siri ya mafanikio. Swali hilo linaomba methali, nawe utapewa methali: mvumilivu hula mbivu, haba na haba hujaza kibaba. Uliza kuhusu mara ya mwisho. "Mara ya mwisho mteja kuondoka amekasirika, ilikuwa nguo gani? Ilikuwa imebaki nini kuimaliza? Ulimwambia nini?" Mtu hawezi kujibu maswali hayo kwa jumla. Atasema lilikuwa gauni, lilikuwa limebaki zipu ya mgongoni, na alimwambia mteja arudi jioni huku akijua jioni haitawezekana.

Kisha uliza mambo matatu ambayo yeye mwenyewe hatayasema bila kuulizwa. La kwanza: "Ulitaka kufanya nini kabla ya hili ulilofanya?" Hapo ndipo cherehani ya pili inapojitokeza. La pili: "Umepoteza nini kwa kubadili utaratibu?" Kila badiliko lina gharama. Fundi wetu alilazimika kuwakatalia wateja wawili waliotaka nguo ya kesho yake, na hawakurudi. La tatu: "Nini bado hakijakaa sawa?" Jibu lake ni zuri kuliko hotuba nzima: shati moja lilichelewa kwa sababu mfukoni aliweka vifungo vitano, na shati lilitaka saba.

Akijibu kwa maneno kama "nikapambana", "nikajipanga" au "nikabadili mtazamo", nyamaza kidogo, halafu muulize, "Ningekuwa nimesimama hapa siku hiyo, ningekuona unafanya nini?" Swali hilo moja linatosha kwa karibu kila neno la jumla. "Nikajipanga" litageuka kuwa "nilitundika mifuko ukutani, mmoja kwa kila oda". Hicho kamera inaweza kukipiga.

Omba kuliona daftari. Usiridhike na namba za kichwani, kwa kuwa kumbukumbu ya mtu huweza kuikuza shida ya zamani na kuipunguza ya sasa. Kama hakuna daftari, meseji za wateja na tarehe zake zinaweza kusaidia. Kama hakuna lolote lililoandikwa, basi mfano huo hauna namba. Unaweza bado kuutumia, ila usiweke namba ambayo hakuna aliyeihesabu.

Hatua ya tatu: ihakiki namba kabla hujaipenda

Hatua hii inarukwa na wengi, na ndiyo inayotofautisha mfano na uzushi wenye nia njema. Kutoka oda 11 zilizochelewa hadi nne kunapendeza. Lakini jiulize kama zingepungua hata bila mfuko.

Angalia kwanza wingi wa kazi. Fundi alikuwa na oda 20 katika kipindi cha kwanza na 19 katika cha pili, kwa hiyo vipindi vinalingana. Kama cha pili kingekuwa na oda nane tu, kupungua kwa ucheleweshaji kungeeleza uchache wa kazi, na mfuko usingekuwa na sifa yoyote. Angalia pia msimu: kama wiki tatu za kwanza ziliangukia wakati ambao kila mtu anashonesha nguo, linganisha na wiki nyingine za kawaida.

Halafu kuna mtego mwembamba zaidi. Watu hubadili utaratibu pale hali inapokuwa mbaya kuliko kawaida, na hali iliyokuwa mbaya kuliko kawaida mara nyingi hurudi kwenye kawaida yake bila kusaidiwa. Wanatakwimu wanaujua mtego huu vizuri. Njia rahisi ya kuuepuka ni kuangalia sababu, usiangalie jumla peke yake. Katika kipindi cha pili oda nne zilizochelewa zilikuwa hivi: mashine mbili, mteja kubadili mshono moja, vifungo moja. Mashine ilibaki mbili vilevile. Kilichoporomoka ni kundi la vitu vidogo, kutoka saba hadi moja, yaani kundi lilelile ambalo mfuko ulilenga. Sasa unaweza kusema kwa uhakika wa kiasi kwamba mfuko umefanya kazi. Kama makundi yote yangepungua kwa pamoja, ningesita.

Usigeuze namba hizi kuwa asilimia. Ni kweli kwamba 11 kati ya 20 ni asilimia 55, na nne kati ya 19 ni kama 21. Lakini asilimia huficha udogo wa hesabu, na mtazamaji hudhani ulipima oda elfu. "Kumi na moja kati ya ishirini" inamwonyesha ukubwa halisi, na inafanana na daftari lake.

Hatua ya nne: andika, kisha futa

Andika rasimu ya kwanza bila kujizuia. Itatoka na maneno 250 au zaidi, na itakuwa na uchafu. Kisha ipitishe kwenye majaribio mawili.

Jaribio la kwanza ni la kuhamisha. Chukua kila sentensi uipeleke kwenye biashara nyingine, tuseme ya kinyozi au ya fundi simu. Kama inakaa huko bila kubadili neno, ifute. "Aligundua kwamba mafanikio yako kwenye mambo madogo" inahamia popote, kwa hiyo inaondoka. "Hakati kitambaa mpaka zipu iwe mfukoni" haiwezi kwenda kwa kinyozi. Hiyo inabaki.

Jaribio la pili ni la kamera. Kila kitenzi kinachomhusu mtu wako kiwe kitendo kinachoonekana: aliandika, alihesabu, alitundika, alikataa. Vitenzi kama aliamini, aliamua na alijifunza uvihesabu. Vikizidi kimoja, rasimu inaelea.

Sentensi ya mwisho ya rasimu nyingi huwa ya kuhitimisha, kama "nawe pia unaweza". Ifute bila huruma na uweke maagizo mahali pake. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha katika tafiti zake kwamba mtu aliyejipangia ni lini na wapi atafanya jambo hulitimiza mara nyingi zaidi kuliko aliyekuwa na nia tu. Kwa hiyo maagizo yako yawe na wakati unaojulikana: kabla hujapokea kazi mpya kesho, ukishafunga mlango leo, ukiwa unasubiri mteja wa kwanza. "Anza kufuatilia kazi zako" ni nia tupu, haina mahali pa kuanzia.

Kuna jambo linalohusu Kiswahili chenyewe. Namba zetu ni ndefu mdomoni. "Mia moja thelathini na saba" ni maneno matano yanayokula karibu sekunde mbili, na msikilizaji anakuwa amesahau mwanzo wake kabla hujafika mwisho. Namba za matokeo zinazotamkwa zisizidi tano katika video nzima, na zile zenye visehemu zionyeshwe kwenye skrini kwa tarakimu tu. Ndiyo sababu katika mfano huu hatutaji mgawanyo wote wa sababu. Tunataja saba, basi.

Skripti yenyewe, baada ya kufuta, ni hii:

*Oda ishirini. Kumi na moja zimechelewa.*

*Fundi huyu anashona peke yake, na alishajua dawa: cherehani ya pili.*

*Kabla hajanunua, akarudi kwenye daftari. Mbele ya kila oda iliyochelewa akaandika neno moja, sababu.*

*Zipu. Zipu. Mashine. Vifungo. Zipu. Bitana.*

*Oda saba hazikukwama kwenye mashine. Zilikwama kwa kitu kinachoenea kiganjani.*

*Sasa hakati kitambaa mpaka zipu, vifungo na bitana ya nguo hiyo viwe ndani ya mfuko mmoja na kitambaa chenyewe.*

*Wiki tatu baadaye: oda kumi na tisa, nne zimechelewa.*

*Si sifuri. Na wateja wawili waliotaka nguo ya kesho yake aliwakatalia, wakaenda kwa fundi mwingine.*

*Wewe huenda hushoni. Lakini una kazi zilizochelewa.*

*Kesho, kabla hujapokea kazi mpya, chukua kazi zako kumi za mwisho zilizochelewa. Mbele ya kila moja andika neno moja: ilikwama wapi?*

*Neno likijirudia mara tatu, anza na hilo.*

Maneno hayo ni takriban 120. Yasome kwa sauti ukiwa umesimama, saa ya kupimia ikiwa mkononi, mara tatu. Ukisoma kimoyomoyo utapata muda wa uongo, kwa kuwa macho hayavuti pumzi. Ukizidi sekunde 70, usiongeze kasi ya kusoma, ondoa sentensi.

Tazama mambo mawili ndani ya skripti hiyo. Mtazamaji anaambiwa atafute neno lake mwenyewe, haambiwi anunue mifuko. Mfuko ulimfaa fundi mmoja. Kinachosafiri kutoka biashara moja hadi nyingine ni ile hesabu ya sababu. Hapo ndipo mfano mmoja unapoishia uwezo wake: hauthibitishi dawa kwa watu wote, unaonyesha tu namna ya kuutafuta ugonjwa. Jambo la pili ni ile "si sifuri". Wahariri wengi wataomba iondolewe wakisema inapoza. Iache. Mwenye biashara aliyekwishasikia ahadi nyingi husubiri kuona kama utakiri kasoro, na anapoisikia ndipo anapoanza kukuamini kuhusu yale mengine.

Hatua ya tano: piga picha

YouTube Shorts ilianza na kikomo cha sekunde 60, na tangu tarehe 15 Oktoba 2024 inapokea video za wima hadi dakika tatu. Ruhusa hiyo usiitumie hapa. Hoja moja na mfano mmoja havihitaji dakika tatu, na nafasi ikiwepo maneno matupu yatarudi kuijaza.

Weka simu kwenye 1080 kwa 1920, fremu 30 kwa sekunde, utumie kamera ya nyuma. Futa lenzi kwa kitambaa laini, maana mafuta ya vidole ndiyo chanzo cha ule ukungu mweupe ambao watu huudhani ni simu mbovu. Mwanga wa dirisha uwe mbele au ubavuni mwa fundi. Mwanga ukiwa mgongoni mwake uso utakuwa mweusi. Kabla ya kurekodi, bonyeza na ushikilie kidole kwenye skrini mpaka umakini na mwanga vijifunge, vinginevyo picha itakuwa inapauka na kukolea kila mkono unapopita mbele ya lenzi.

Unahitaji vipande sita tu. Daftari kutoka juu, tarehe zikionekana. Mkono ukiandika sababu pembeni mwa oda, neno moja moja. Gauni lililokatwa, mgongo wake ukiwa wazi pale zipu inapotakiwa kukaa. Kiganja chenye zipu moja na vifungo vichache. Mfuko ukifungwa, kitambaa kikionekana ndani. Na fundi akikata. Kila kipande kirekodi kwa sekunde 20 ingawa utatumia 10 hadi 12, ili uwe na pa kukatia mwanzo na mwisho.

Kipande cha kiganja ndicho moyo wa video. Kipige karibu, kiasi cha sentimita 20, kiganja kikiwa kimetulia juu ya meza. Hapo ndipo maneno "kitu kinachoenea kiganjani" yanapotua, na hapo ndipo mtazamaji anapopima udogo wa chanzo dhidi ya ukubwa wa cherehani aliyotaka kununua. Kama una muda wa kurudia kipande kimoja tu, rudia hicho.

Daftari lina majina na namba za simu za wateja. Yafunike kwa karatasi kabla ya kupiga, usitegemee kuyafifisha baadaye. Fundi akubali kwa maandishi picha zitumike, na aione video iliyokamilika kabla haijatoka. Akisema sehemu fulani inamwaibisha mbele ya wateja wake, ondoa sehemu hiyo hata kama ni nzuri.

Sauti na maandishi

Sauti irekodiwe peke yake, si wakati wa kupiga picha. Kaa kwenye chumba chenye vitambaa vingi. Hapo kwa fundi ni pazuri sana, maana majora hunyonya mwangwi. Mashine izimwe na feni pia. Simu iwe umbali wa sentimita 20 hivi kutoka mdomoni, ikielekezwa pembeni kidogo ili pumzi za herufi kama "p" zisigonge maiki. Kisha rekodi mlio wa cherehani kwa sekunde 15 na uuweke chini ya sauti yako, kwa kiwango cha kusikika kwa shida. Huo unatosha badala ya muziki. Kinanda kinachopanda polepole kuelekea mwisho kinamwambia mtazamaji ahisi nini, na kinakurudisha kulekule tulikokimbia.

Pale yanapotajwa maneno zipu, zipu, mashine, vifungo, acha nusu sekunde kati ya neno na neno, na kila neno lije na kipande chake cha daftari. Ukiyasoma kwa mfululizo yatakuwa orodha. Yakitenganishwa, mtazamaji anaanza kuhesabu mwenyewe, na akishahesabu mwenyewe huhitaji kumshawishi.

Wengi wanatazama bila sauti, kwa hiyo weka maandishi. Maneno yetu ni marefu, "zilizochelewa" peke yake lina herufi 13, basi mstari mmoja ubebe maneno matatu hadi matano na mistari isizidi miwili. Yaweke katikati au juu kidogo ya katikati, kwa sababu chini ya skrini hukaa jina la akaunti na maelezo, na upande wa kulia hukaa vitufe. Kama programu imekuandikia maandishi yenyewe, yasome neno kwa neno. Kosa kwenye tarakimu moja linaharibu video nzima.

Kabla ya kuitoa

Waonyeshe watu watatu wenye biashara ndogo, na asiwepo fundi cherehani hata mmoja. Usiwaulize kama wameipenda, watasema ndiyo. Subiri dakika kadhaa, ongeeni mengine, kisha muulize kila mmoja peke yake: "Kesho utafanya nini?"

Akijibu "nitajituma zaidi", maagizo yako hayakusikika. Mara nyingi kosa liko kwenye mpito, ile sentensi ya "wewe huenda hushoni". Ikikosekana, au ikipita haraka, mtazamaji hubaki kwa fundi na hajioni. Irekodi upya kwa mwendo wa taratibu, na kamera iwe kwenye daftari lisilo na maandishi badala ya nguo.

Akijibu "nitanunua mifuko", amebeba dawa akaacha uchunguzi. Sehemu ya mfuko imekuwa ndefu mno. Ipunguze, sekunde zilizobaki uziongeze kwenye mkono unaoandika sababu.

Akijibu "nitaangalia kazi zangu zilizochelewa", video iko tayari. Wengine hawasubiri hata kesho: huchomoa daftari au kufungua simu palepale na kuanza kuhesabu. Ukimwona mtu anafanya hivyo, angalia aliandika neno gani. Mwenye duka la kutengeneza simu anaweza kuandika "nywila" mara nne, kwa sababu wateja huacha simu bila kumwachia namba ya kuifungua, na kazi inalala siku mbili. Hapo umepata mfano wa video inayofuata, na safari hii una tarehe za kuanzia kuhesabu.